Karma na Kuzaliwa Tena kwa Aliyefundishwa Kuwa Maisha ni Mara Moja

Mwanafunzi aliyekulia katika Uislamu au Ukristo huujua mpangilio wa maisha ya binadamu tangu chuoni kwa maalimu, au tangu mafundisho ya kipaimara. Mtu huzaliwa mara moja, huishi, hufa, husubiri, kisha hufufuliwa na kuhukumiwa. Waraka kwa Waebrania, sura ya 9, unasema waziwazi kwamba kufa ni mara moja na baada yake ni hukumu. Katika Kurani, Sura Al-Muuminun inamtaja mtu ambaye mauti yamemfika, anaomba arudishwe ili atende mema aliyoyaacha, na ombi lake linakataliwa: mbele yake kuna barzakhi mpaka siku ya kufufuliwa. Mwanafunzi huyu akisikia kwamba Wahindu, Wabudha na Wajaini wanaamini mtu huzaliwa tena na tena, hulipachika fundisho hilo ndani ya mpangilio alio nao tayari. Anadhani hukumu ni ile ile, isipokuwa hakimu anamrudisha mshitakiwa duniani badala ya kumpeleka peponi au motoni. Karibu kila swali analouliza baada ya hapo linatokana na dhana hiyo.

Tunayo methali yetu kwamba malipo ni duniani, akhera kwenda hesabu, nayo inatusaidia na kutupotosha kwa pamoja. Inatusaidia kwa sababu inatambua kuwa tendo lina mrejesho. Inatupotosha kwa sababu inatufanya tutarajie malipo ya haraka, yanayoonekana, mtu akimdhulumu jirani leo na kesho gari lake likapata ajali. Vijana wa mjini hulitumia neno karma kwa maana hiyo hiyo. Katika vitabu vya India, karma haina haraka. Tunda la tendo linaweza kuiva katika maisha haya, katika yanayofuata, au baada ya maisha mengi sana, na aliye nje hana njia ya kutazama tukio moja na kusema kwa hakika lilitokana na tendo gani.

Kabla ya kwenda mbali, inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo huchukuliwa kama kitu kimoja. Kuamini kwamba mtu huzaliwa tena si sawa na kuamini karma. Wayoruba wa Naijeria humwita Babatunde mtoto wa kiume aliyezaliwa baada ya babu kufariki, kwa kuwa baba amerudi. Lakini babu hakurudi kulipwa wala kuadhibiwa, amerudi kwa watu wake. Mtaalamu wa mila Gananath Obeyesekere wa Sri Lanka aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili mwaka 2002, akilinganisha jamii za Afrika ya Magharibi, Wayunani wa kale na Wahindi. Hoja yake ni kwamba jamii nyingi duniani ziliamini wafu hurudi, na kilichotokea India ni kuingizwa maadili ndani ya imani hiyo: kurudi kwako, na mahali unaporudi, vikategemea ulivyotenda.

Na hata huko India hawakukubaliana. Zama za Budha, karne ya 6 au ya 5 kabla ya Kristo, alikuwako mwalimu aitwaye Makkhali Gosala ambaye alifundisha kwamba viumbe huzaliwa mara nyingi mno, lakini matendo yao hayabadilishi chochote kwa kuwa yote yamekwisha kupangwa. Walikuwako pia waliosema mwili ukichomwa habari imekwisha, hakuna kinachobaki. Kwa hiyo mwanafunzi mwenye shaka asijione mgeni. Swali lake liliulizwa kando ya mto Ganges miaka 2,500 iliyopita, na walioshikilia karma walilazimika kulijibu.

Kila mapokeo yanayofundisha karma yanaweza kuulizwa maswali matatu. Tendo ni nini hasa? Kinachovuka kutoka maisha haya kwenda mengine ni kitu gani? Na mtu anatokaje? Majibu yanatofautiana sana, na anayesema "dini za Kihindi zinaamini hivi" kwa jumla amekwisha kukosea.

Wahindu walio wengi hujibu swali la pili kwa neno atman, nafsi isiyozaliwa wala kufa, ambayo huacha mwili mmoja na kuingia mwingine. Moja ya sehemu za kale kabisa zinazogusa fundisho hili ni Upanishadi ya Brihadaranyaka. Humo mwanazuoni aitwaye Yajnavalkya anaulizwa na mwenzake Artabhaga: viungo vya maiti vikisharudi kwenye moto, upepo, ardhi na maji, mtu mwenyewe yuko wapi? Yajnavalkya hajibu mbele ya watu. Anamshika mkono, wanakwenda faraghani, na kitabu kinatuambia kwamba walichozungumza huko kilikuwa karma: mtu huwa mwema kwa tendo jema, na mbaya kwa tendo baya. Inaonyesha kwamba wakati huo fundisho hili bado lilikuwa jambo la watu wachache, la kusemwa pembeni. Baadaye wanazuoni wa Vedanta wakayagawa matunda ya matendo katika mafungu matatu: yaliyorundikana tangu zamani, yaliyokwisha kuanza kuiva na ndiyo yaliyoleta mwili huu, na yanayotengenezwa sasa. Anayepata maarifa ya kweli huchoma fungu la kwanza na kuacha kuongeza la tatu, lakini la pili lazima limalizike lenyewe. Ndiyo maana hata aliyekombolewa huendelea kuugua na kuzeeka. Kwa Vedanta, Mungu ndiye anayegawa matunda, ila hagawi kwa upendeleo, bali kwa kufuata matendo. Hapa Mhindu yuko karibu na msomaji wetu kuliko Mbudha au Mjaini, ambao karma kwao haina mgawaji kabisa.

Wajaini wanajibu swali la kwanza kwa namna inayowashangaza wengi. Kwao karma ni kitu chenye umbo, chembe laini mno zisizoonekana, ambazo huvutwa na kila tendo la mwili, ulimi au mawazo na kuiganda nafsi. Hasira na tamaa huzifanya zigande zaidi. Nafsi iliyolemewa haiwezi kupanda. Iliyosafishwa kwa kufunga, kujinyima na kutodhuru hupanda hadi kilele cha ulimwengu na hairudi tena. Fundisho hili liko karibu nasi kuliko tunavyofikiri, maana Waoshwal wa Nairobi, Mombasa na Thika wengi wao ni Wajaini. Mtu aliyesoma nao huenda alishangaa kwa nini mwenzake hali viazi, vitunguu wala karoti, na kwa nini nyumbani kwao walioshika dini sana hula chakula cha jioni kabla jua halijazama. Kung'oa mzizi ni kuua mmea mzima pamoja na viumbe vidogo vilivyomo, na kula gizani ni kuhatarisha wadudu usiowaona. Ikiwa karma ni chembe zinazoganda, basi hata dhara usilokusudia linaacha mabaki yake, ingawa si sawa na lile la makusudi.

Budha alilikataa jibu hilo. Kwake tendo ni kusudio. Kuna mazungumzo kati yake na Upali, mfuasi tajiri wa Wajaini, aliyekwenda kushindana naye juu ya lipi zito zaidi, tendo la mwili au la moyo. Upali alitetea mwili, Budha akatetea moyo, na Upali akaishia kuwa mfuasi wake. Kutokana na msimamo huo, anayemkanyaga chungu bila kumwona hana tendo la kuua. Anayemfukuza ili amponde, akamkosa, amekwisha kutengeneza karma mbaya moyoni. Msomaji Mwislamu ataikumbuka nia na nafasi yake katika kila amali, na ulinganisho huo ni halali mradi akumbuke kwamba hapa hakuna anayeipokea amali wala kuikataa.

Kwenye swali la pili Budha alikwenda mbali zaidi, na hapa ndipo wanafunzi wengi hukwama. Alisema hakuna atman. Mtu ni mkusanyiko wa mwili, hisia, utambuzi, misukumo ya nia na fahamu, vyote vikibadilika kila saa, na ndani yake hamna punje ya kudumu. Sasa anazaliwa nani? Na kwa nini mtu mwingine alipe deni nisilolimaliza mimi? Swali hili lilitolewa na mfalme Menanda, Myunani aliyetawala katika maeneo ya Pakistani na Afghanistani ya leo karne ya 2 kabla ya Kristo. Kitabu cha Wabudha kinamwita Milinda na kutueleza alivyohojiana na mtawa Nagasena. Nagasena alimpa kesi ya kuamua. Mtu ameiba maembe, amekamatwa, naye anajitetea kwamba maembe aliyochuma siyo yale aliyofukia mwenye shamba, kwa hiyo hakuiba mali yake. Je, ataachiwa? Mfalme akasema hapana, kwa sababu maembe haya yametokana na yale. Basi anayezaliwa si yule yule aliyekufa wala si mwingine kabisa, ametokana naye. Kinachovuka ni mfululizo wa sababu, na kwa Nagasena mfululizo huo unatosha kubeba wajibu. Mimi naona jibu hili ni la nguvu kuliko linavyoonekana mara ya kwanza, kwa kuwa hata ndani ya maisha haya haya mzee wa miaka 70 na kijana wa miaka 20 aliyekuwa zamani hawana mwili mmoja wala fikra moja, lakini hatusiti kumdai mzee deni la ujana.

Swali la tatu hubadilisha sura ya fundisho zima. Mwanafunzi wa maisha ya mara moja akisikia habari za kuzaliwa tena, hufurahi: kumbe kuna nafasi nyingine! Mapokeo yote matatu hayaichukulii kama habari njema. Mzunguko huu, unaoitwa samsara, maana yake ni kufiwa tena, kuugua tena, kuzeeka tena, bila mwanzo unaojulikana. Kuzaliwa peponi nako ni kwa muda; tunda la wema likiisha, mtu huanguka. Motoni vilevile hakuna umilele. Karma njema humpa mtu mahali pazuri zaidi ndani ya mzunguko, na lengo kuu ni kutoka: moksha kwa Mhindu na Mjaini, nirvana kwa Mbudha.

Tuchukue kisa kimoja tukipime. Katika ufalme wa Kosala, kaskazini mwa India, alikuwako jambazi aitwaye Angulimala. Aliua watu wengi mpaka vijiji vikahamwa, na kila aliyemuua alimkata kidole akakiunga kwenye shada alilovaa shingoni. Siku moja alimfukuza Budha ili amuue, akashindwa kumfikia ingawa mwenzake alikuwa akitembea tu. Akampigia kelele asimame. Budha akamjibu kwamba yeye amekwisha kusimama, kwa kuwa ameacha kudhuru viumbe. Asiyesimama ni Angulimala. Jambazi akatupa silaha, akawa mtawa. Mfalme Pasenadi alipofika na wapanda farasi 500 kumsaka, akamkuta amenyoa, amevaa kanzu ya kitawa na hali ya upole, alimwacha. Baadaye Angulimala alifikia nirvana. Hata hivyo, alipoingia mjini kuomba chakula alipigwa kwa mabonge ya udongo, fimbo na vigae; akarudi kichwa kinavuja damu, bakuli limevunjika, vazi limechanika. Budha akamwambia avumilie, kwani anaonja hapa matunda ya matendo ambayo yangemchoma motoni kwa maelfu ya miaka.

Tazama hesabu ilivyokwenda. Toba yake haikufuta tendo, wala hakuna aliyemsamehe, kwa sababu hakuna mwenye kazi hiyo. Lakini matunda mazito, yaliyohitaji maisha mengine ili yaive, yalikosa pa kuivia, maana Angulimala hatazaliwa tena. Yakabaki yale yanayoweza kuiva katika mwili huu, na hayo yakamkuta. Waliomrushia vitu hivyo nao hawakuwa watekelezaji wa hukumu yoyote; walikuwa watu wenye hasira zao, na kwa kurusha wakajitengenezea karma yao wenyewe.

Kwa nini uhalifu mkubwa vile uishie kwenye kichwa kilichopasuka? Hotuba nyingine ya Budha inatoa mfano wa punje ya chumvi: itie kwenye kikombe cha maji, hayanyweki, itie kwenye mto Ganges, hakuna atakayeisikia. Tendo lile lile dogo linaweza kumpeleka mtu mmoja motoni na mwingine likamgusa kidogo tu, kutegemea upana wa moyo alioujenga. Kwa hiyo karma si mashine ya jicho kwa jicho. Na hapa pia ndipo kisa hiki kinapoacha pengo. Wale waliouawa, na wajane na mayatima wao, hawapati chochote. Mwislamu aliyefundishwa kwamba haki ya mja haisameheki mpaka mwenyewe asamehe ataliona pengo hilo mara moja, na ana haki ya kuliona. Karma inaeleza kinachompata mtenda. Haielezi aliyedhulumiwa anarudishiwaje.

Pengo la pili limeumiza watu wengi zaidi. Ikiwa hali yangu ya sasa ni tunda la zamani, basi maskini, mlemavu na aliyezaliwa katika tabaka linalodharauliwa wamejitakia. Jambo hili si la kubuniwa na wapinzani, maana Upanishadi ya Chandogya inasema waliotenda vibaya huweza kuingia tumbo la mbwa, la nguruwe, au la mtu wa tabaka lililotengwa. Bhimrao Ambedkar, aliyezaliwa katika tabaka kama hilo na akaongoza kamati iliyoandika rasimu ya katiba ya India, aliliona fundisho hili kama kisingizio cha kumkandamiza mtu na kumlaumu kwa kukandamizwa kwake. Tarehe 14 Oktoba 1956, mjini Nagpur, aliingia Ubudha pamoja na umati mkubwa wa wafuasi wake, na hata huko hakukubali tafsiri iliyozoeleka ya karma ya maisha yaliyopita. Kwake sheria ya karma ilihusu matendo ya sasa na jamii inayotokana nayo.

Maandiko ya kale ya Wabudha yenyewe yanampa nafasi ya kusema hivyo. Msafiri mmoja aitwaye Sivaka alimuuliza Budha kama ni kweli kwamba kila maumivu anayoyapata mtu yametokana na matendo ya zamani. Budha alikataa. Alitaja nyongo, makohozi, upepo wa mwilini, mchanganyiko wa hivyo, mabadiliko ya majira, kutojitunza, na kushambuliwa na watu. Karma ya zamani aliiweka kama sababu moja kati ya nane. Anayemtazama mtoto mgonjwa na kusema "ni karma yake" amekwenda mbali kuliko Budha alivyothubutu.

Maswali mawili huulizwa kila mara. La kumbukumbu: mbona sikumbuki? Mapokeo haya yanasema kumbukumbu huweza kufikiwa kwa mazoezi makali ya kutafakari, kama ilivyosimuliwa juu ya Budha usiku wa kuamka kwake, lakini tunda la tendo halisubiri ukumbuke, kama vile ugonjwa hausubiri ujue ulipoupata. La idadi: watu wanaongezeka, nafsi zinatoka wapi? Hesabu haiishii kwa binadamu. Wanyama, viumbe wa motoni na miungu ya peponi wote wamo, na kuzaliwa binadamu ni nadra.

Sasa jipime. Jibu kila swali kwa sentensi mbili kabla ya kusoma majibu.

1. Mtu amemwibia mwenzake asubuhi, jioni akaumwa na mbwa. Je, aliyesoma vitabu vya karma anaweza kusema kwa hakika kwamba hilo ni tunda la wizi?

2. Dereva amemgonga mbuzi gizani bila kumwona. Mjaini na Mbudha watatofautiana wapi?

3. Mbudha anasema hakuna nafsi ya kudumu, na bado anasema muuaji ataonja matunda ya kuua. Anajipinga?

4. Rafiki yako anasema, "Wahindu wana bahati, wao hawafi kabisa." Utamsahihisha vipi?

5. Angulimala alikwisha kubadilika na kufikia nirvana. Kwa nini alipigwa?

Majibu. La kwanza: hapana, kwa sababu muda wa kuiva haujulikani, na maumivu yana sababu nyingine nyingi. La pili: kwa Mjaini dhara limeacha chembe kwenye nafsi, ingawa si sawa na kuua kwa makusudi, kwa Mbudha hakuna tendo la kuua, isipokuwa atachunguza kama dereva alikuwa na uzembe uliotoka moyoni. La tatu: hajipingi ikiwa unakubali jibu la maembe, kwamba kutokana na kitu kunatosha kubeba wajibu, ukilikataa jibu hilo, eleza kwa nini mzee anadaiwa deni la ujana. La nne: wanakufa mara nyingi zaidi kuliko anavyofikiri, na wanachotafuta ni kutoka katika kufa huko. La tano: matunda yanayoweza kuiva katika mwili huu hayakufutwa na toba wala na maarifa, ukiandika kwamba alikuwa akiadhibiwa, rudi kwenye kisa utafute nani alitoa hukumu.